Nimewauzia watu bima ya mahindi kwa gunzi moja la mapengo, na sina hakika nimefanya vizuri

mamashamba_rongai

Wadau hamjambo. Mimi ni mkulima huku Rongai, Nakuru, niko na eka 2 za mahindi na maharagwe kidogo, na tangu mwaka juzi chama chetu kilinichagua niwe mtu wa kuelezea wengine mambo ya bima ya mazao. Sijaajiriwa na kampuni, napewa tu kitu kidogo ya nauli kwa kila mtu anayejiandikisha, nasema mapema msije mkasema nimewaficha.

Mitingi ya kwanza ilianguka mbele ya macho yangu. Jamaa wa kampuni alikuja na bango kubwa, kofia na kalenda, akaongea saa moja na nusu juu ya mabadiliko ya tabianchi na asilimia na indeksi, watu 40 wamekaa chini ya mti, wakachukua kofia zote na kati ya hao waliolipa ni 3. Mmoja wa hao 3 ni mimi.

Mitingi ya pili nikaamua nitaenda peke yangu na nitabeba vitu viwili tu, gorogoro na gunzi. Hilo gunzi ni la mwaka wa 2022 nililiweka juu ya kabati ya jikoni, sijui hata kwa nini sikulitupia ng'ombe. Ukiliangalia upande mmoja liko na mistari minne ya punje hapo chini karibu na kitako, alafu kuanzia katikati ni punje moja hapa, moja pale, kama mdomo wa mtoto wa darasa la kwanza, na kule juu ni mti mtupu. Nikalipitisha kwa mikono, kila mtu alishike. Alafu nikawaambia hiyo ilikuwa shamba yangu yote.

Stori yenyewe ni hii, na ndiyo nimewaambia vile ilivyo. Nilipanda mwanzo wa Aprili mvua iliposhika, H513, DAP gunia moja kila eka, yakamea vizuri sana hadi jirani akaniuliza nimeweka nini. Palizi mara mbili, nikanyunyizia viwavijeshi, nikaweka CAN yakiwa magotini. Gharama ya eka moja ilinifikia 26,000 hivi, na mwaka huo mnakumbuka DAP peke yake ilikuwa imepita 6,000. Mwisho wa Juni mahindi yametoa mbelewele na nywele ndiyo zinaanza kuchomoza, mvua ikakatika. Wiki ya kwanza nikasema itarudi. Wiki ya pili majani yakaanza kujikunja kama sigara kuanzia saa nne asubuhi, jioni yanafunguka kidogo. Wiki ya tatu hata jioni hayafunguki. Mvua ikarudi baadaye na mahindi yakawa kijani tena, mtu akipita barabarani anasema mama umebarikiwa, lakini unga wa mbelewele ulikuwa ushamwagika na nywele zilikuwa zimekauka, kwa hivyo ndani ya maganda hakuna kitu. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi, kutoa maganda na kupata hilo gunzi. Kwa eka nilivuna gunia 3, na kwa kawaida mimi hupata 12 au 13.

Sasa ile eka moja ilikuwa na bima. Moja tu, kwa sababu Machi nilikuwa na 1,300 na sikuwa na 2,600. Walinilipa 13,000. Ilikuja Februari, si Novemba wala Januari wakati wa karo, karo niliuza mtamba. Hiyo 13,000 ndiyo ilinunua mbegu na mbolea ya msimu uliofuata, nikapanda eka zote mbili bila kukopa. Jirani yangu hakuwa na bima, akapanda eka 2 bila DAP.

Alafu nikawaambia ile nyingine, ya 2023, viwavijeshi viliniingilia nikiwa nimelazwa na malaria, nikavuna gunia 4 na sikulipwa hata shilingi, na nilikuwa nimelipa bima. Kuna mzee akainuka akasema sasa hapo umejiharibia biashara. Lakini siku hiyo kati ya watu 34 walijiandikisha 11.

Swali langu kwenu, hii njia ya stori moja ni sawa ama nawatisha watu tu na gunzi? Na hiyo ya kukosa kulipwa nawaelezeaje bila kuonekana natetea kampuni, kwa sababu nikiulizwa kwa nini sikulipwa, ukweli ni kwamba mimi mwenyewe naelewa nusu.

omera_wa_nyando

Mama nashukuru kwa ukweli, lakini mimi hiyo kitu ya bima sitaki kusikia. Huku kwetu Nyando tulijazwa fomu na kampuni fulani, siitaji jina, tukalipa, maji ya mto yakapanda yakafunika mpunga na mahindi yote, nimesimama kwa paa ya choo naangalia gunia zangu zikielea. Tukapiga simu. Wakatuambia bima yetu ilikuwa ya ukame. UKAME. Mtu anauza bima ya ukame Nyando, omera, ni kama kuuza mwavuli baharini. Kwa hivyo stori yako ni nzuri lakini mimi niko na stori pia na gunzi langu lilibebwa na maji hadi ziwani.

kijana_wa_molo

Mama rongai hapo kwa kukosa kulipwa ni rahisi, siku hizi ni satelaiti. Satelaiti inapita juu inapiga picha shamba lako, ikiona mahindi yamekauka unalipwa, ikiona ni kijani hulipwi. 2023 yako satelaiti iliona kijani kwa sababu viwavi wanakula ndani. Waambie tu hivyo wataelewa.

mpimaji_bungoma

Kijana umeshika mkia ukadhani ndiyo ng'ombe mzima 😄 Satelaiti ziko, lakini haziangalii shamba la mama. Zile za mvua zinakadiria mvua kwa kipande cha nchi, kipande kimoja kinaweza kuwa kama kilomita 5 kwa kilomita 5, hapo ndani kuna mashamba mamia. Haijui yako ni gani na ya jirani ni gani. Na kwa ile bima ambayo mama anaelezea, kama nimesoma vizuri, satelaiti siyo inayoamua. Ni boksi.

Mimi nimefanya kazi ya kukata maboksi misimu mitatu huku Bungoma. Acheni niwaelezee vile inaenda kwa sababu nimeona hata maajenti hawajui.

Serikali ilipoanza mpango wake wa bima ya mazao mwaka wa 2016 ilianzia Bungoma, Embu na Nakuru, mahindi na ngano, na serikali ikawa inalipia nusu ya ada. Ndiyo maana mama alilipa 1,300, ada yenyewe nafikiri ilikuwa 2,600, asilimia 10 ya hiyo 26,000. Sasa eneo linagawanywa vipande, kila kipande kinajulikana kwa kawaida kinatoa gunia ngapi kwa eka. Tuseme kipande cha mama kawaida ni 12. Bima haiahidi 12, inaahidi sehemu yake, tuseme asilimia 70, hiyo ni gunia 8.4. Hapo ndipo mstari uko. Avereji ya kipande chote ikianguka chini ya 8.4 kila mwenye bima ndani ya hicho kipande analipwa, ikibaki juu hakuna anayelipwa, hata yule aliyepata sifuri.

Sasa avereji inapatikanaje. Mashamba yanachaguliwa kwa bahati nasibu, si mimi nachagua, si chifu. Nikifika naanza kona ya shamba, niko na namba za hatua nimepewa, natembea hatua hizo kuingia ndani na hatua hizo kwenda kando, pale mguu unasimama ndipo napiga kigingi. Napima mita 8 kwa mita 5, nafunga kamba, hilo ndilo boksi. Mahindi yote ndani ya kamba yanavunwa, yanapukuchuliwa, yanapimwa kwa mizani na tunapima unyevu pia, kwa sababu mahindi mabichi yana maji mengi yanadanganya mizani, hesabu inarudishwa kana kwamba yamekauka hadi unyevu wa asilimia 13.5.

Boksi ni mita za mraba 40, na eka ni kama 4,047, kwa hivyo boksi ni karibu sehemu moja ya 101 ya eka. Mwaka mzuri kwa kipande cha gunia 12 za kilo 90 boksi inatoa karibu kilo 10.7. Malipo yanafuata vile avereji imeanguka chini ya mstari, kwa hivyo mama ukiniambia ulilipwa 13,000, nusu kamili ya 26,000, hiyo inaniambia avereji ya kwenu ilikuwa gunia 4.2, nusu ya 8.4. Kwa boksi hiyo ni kama kilo 3 na robo tatu. Hiyo haijazi hata gorogoro mbili. Siku kama hiyo mtu haongei, unafunga tu kamba yako unaenda boksi ingine.

mamashamba_rongai

Wueh. Kumbe. Mimi nilikuwa naona vijana wanazunguka na kamba nikidhani ni watu wa barabara.

Kwa hivyo 2023 yangu, viwavi vilikuwa kwangu lakini majirani walinyunyizia, avereji ikabaki juu ya mstari.

mpimaji_bungoma

Ndiyo hivyo. Na 2022 geuza upande wa pili. Uliza kama hakuna mtu kwenu upande wa juu karibu na msitu alivuna 9 na bado akalipwa.

mamashamba_rongai

Yuko!! Baba fulani wa huko juu alilipwa na tukamsema vibaya mwaka mzima ati alihonga. Masikini ya Mungu.

omera_wa_nyando

Sawa daktari wa maboksi, lakini hujanijibu. Kama ni boksi, mimi maji yalifunika shamba lote, boksi ingetoa samaki. Mbona sikulipwa?

mpimaji_bungoma

Kwa sababu mzee wangu hukuuziwa ya boksi. Uliuziwa ya mvua. Hizo ni bidhaa mbili tofauti kabisa na kwa fomu zote zinaitwa bima ya mazao. Ile ya mvua haiangalii mavuno hata kidogo, inaangalia mvua ilinyesha kiasi gani tarehe fulani hadi tarehe fulani, ikipungua kiwango wanalipa. Mafuriko ya kwenu pengine hata mvua ilinyesha huko juu Nandi na Kericho ikateremka na mto. Kwa karatasi shamba lako lilikuwa na mvua nzuri. Ile ya mavuno ingeshika mafuriko, ukame, mvua ya mawe, magonjwa, chochote, BORA kiumize kipande kizima na si wewe peke yako.

Ndiyo maana mimi huambia watu wasiulize ajenti mnalipa shilingi ngapi. Uliza kwanza, nyinyi mnapima mvua ama mnapima mavuno? Akianza kuzungusha maneno mwachie kalamu yake.

omera_wa_nyando

Basi yule kijana alituuzia aliulizwa hivyo hivyo na mzee mmoja wa pale Ahero, akasema "tunapima vyote".

ngombe_mmoja_bahati

Samahani naingilia, hii bima inalipa ng'ombe? Friziani wangu alikufa Jumapili, alikuwa anatoa lita 18, daktari amesema ni kupe. Nililipia bima kwa sako. Watapima avereji ya ng'ombe wa Bahati wote ama?

mwalimu_mstaafu

Pole sana ndugu. Hapana, ya ng'ombe wa maziwa ni nyingine, hiyo ni ya mnyama mwenyewe, ndiyo maana alipachikwa hereni sikioni. Usizike kabla daktari wa mifugo hajaandika ripoti na kupiga picha ya hereni, na ukumbuke kupiga simu mapema kwa sababu huwa wanaweka masaa. Kama umeshazika, hereni unayo?

ngombe_mmoja_bahati

Tumezika jana. Hereni naenda kuitafuta.

mwalimu_mstaafu

Sasa nirudi kwa mama. Mimi nilifundisha hesabu miaka 31 na sasa nalima huku upande wa Njoro. Nitasema kitu ambacho kitakukasirisha. Stori ni nzuri, lakini ni mwaka mmoja. Nipe miaka mitano. Ukilipa 1,300 miaka mitano ni 6,500, na ukilipwa mara moja 13,000, umefaidika, lakini ile nusu ingine ni serikali ililipa. Ondoa serikali, ulipe 2,600 mara 5, hiyo ni 13,000 kamili. Umetoa 13,000 ukarudishiwa 13,000, na katikati hapo kampuni ina ofisi, gari, kofia na kalenda za kulipia. Na hiyo ni kama mwaka mbaya unakuja kila miaka mitano. Ukija kila miaka saba je? Watu wa Rongai wakijua hesabu hii na nusu ya serikali isipokuja, mtauza kwa nani? Mimi naona gunzi linaficha hesabu.

mamashamba_rongai

Mwalimu sijakasirika, kwanza nimeandika hiyo hesabu nyuma ya daftari ya chama. Lakini sikia. Hiyo 1,300 niliyolipa mwaka mzuri ningeifanyia nini? Ukweli wangu, ingeishia kwa sukari na kutuma nauli. Sikumbuki 1,300 hata moja ya mwaka mzuri. Lakini 13,000 ya Februari ile naikumbuka hadi saa meseji iliingia, nilikuwa kwa foleni ya posho mili. Shilingi ya mwaka mbaya si shilingi ya mwaka mzuri. Mwaka ule mtamba niliuza 22,000 na miezi minne baadaye mtamba kama yule alikuwa 38,000, kwa sababu wote tuliuza wakati mmoja. Hiyo tofauti iko wapi kwa hesabu yako?

mwalimu_mstaafu

Hapo umenishika. Hiyo ya kuuza mifugo kwa bei ya kutupa sikuiweka. Ingawa nakuambia pia, 13,000 iliyokuja Februari haikuokoa mtamba. Ingekuja Novemba ningefunga mdomo.

mpimaji_bungoma

Mwalimu hapo uko sawa na hakuna ajenti atakuambia. Ya boksi haiwezi kuja haraka, lazima mahindi yakauke shambani, tukate, tukaushe, data iende, wakubaliane, ndiyo pesa. Ya mvua inaweza kuja mapema kwa sababu mvua wanaijua msimu ukiendelea, lakini ndiyo hiyo inaweza kukosa ukweli wa shamba. Unachagua ugonjwa wako. Mimi ningeambia watu wazi, hii pesa si ya chakula na si ya karo, ni ya kupanda tena.

shangazi_kabras

Naomba niongeze kitu kutoka huku kwa miwa. Shida si stori wala gunzi, shida ni Machi. Machi hakuna mtu ana pesa. Januari karo, Februari njaa, Machi mbegu na trekta, alafu ndiyo mnakuja na fomu! Kuna watafiti wawili, Casaburi na Willis, walifanya majaribio na wakulima wa miwa wa kandarasi huku magharibi ya Kenya na wakachapisha 2018. Bima ni ile ile. Walioambiwa walipe mbele, waliochukua ni 5 kati ya 100. Walioambiwa utakatwa wakati wa mavuno kwa malipo yako ya miwa, ni 72 kati ya 100. Sitanii, 5 na 72. Huyo mkulima ni yule yule, hakuelimishwa zaidi, hakuonyeshwa gunzi.

mamashamba_rongai

Shangazi hiyo imenikaa. Lakini miwa mko na kampuni inanunua yote, itakata. Sisi mahindi nauza kwa broka, kwa jirani, mengine nakula. Nani atanikata?

shangazi_kabras

Kweli hapo ndipo panakwama. Na hata miwa, mkulima akiamua anauzia mtu mwingine usiku, tunajuana. Chama chenu je? Chama kilipe Machi, kila mtu arudishe Novemba kwa mahindi, gorogoro kadhaa. Si lazima pesa.

kijana_wa_molo

Na asiporudisha? Mwaka mzuri kila mtu anasema kwani nilirudishiwa nini 😂

mamashamba_rongai

Kijana leo umesema kitu. Kwa wale 11, mwaka uliofuata ulikuwa mzuri, hakuna aliyelipwa, na waliorudi kujiandikisha ni 6. Watano waliniambia wamechomwa. Mmoja wao akaniambia "mama nilingoja meseji hadi Machi". Mahindi yake yalijaa ghala, gunia 14 kwa eka, na alikuwa anangoja meseji. Nikajua hapo nilikosea mimi, nilieleza gunzi vizuri sana nikasahau kumwambia mwaka wa ghala kujaa inakuwaje.

mpimaji_bungoma

Hiyo ni muhimu kuliko gunzi mama. Na wengine wanaelewa mbaya zaidi. Nimekata boksi kwa mtu, akanishika mkono akaniambia hapana njoo huku, huku ndiko yamekauka, namba zako hazioni? Mwingine alikuwa ameacha magugu makusudi ati alipwe. Shamba lake likichaguliwa linashusha avereji kidogo tu, lisipochaguliwa amejinyima tu mahindi yake. Na kitu kingine kinaharibu kabisa, watu kuvuna kabla hatujafika. Shamba limechaguliwa, ameambiwa, nafika nakuta amevuna nusu akauza mabichi ya kuchoma kwa barabara. Hapo naandika shamba hili halifai, tunaenda la akiba. Kijiji kizima kikifanya hivyo sampuli zinabaki chache na hapo kelele zinaanza, na kelele zingine ni za haki, kwa sababu maboksi machache yanaweza kukosea. Nimeona kipande kimoja kina bonde lenye maji na mlima mkavu pamoja, avereji ikitoka haifanani na mtu yeyote.

omera_wa_nyando

Hapo sasa! Kwa hivyo mnakubali kwamba mtu anaweza kupoteza kila kitu, alipe kila mwaka, na asilipwe, na hakuna mwizi popote.

mpimaji_bungoma

Nakubali. Inatokea.

omera_wa_nyando

Asante. Ajenti wangu hakuwahi kusema hilo neno moja. Angesema pengine ningekasirika kidogo tu.

mwalimu_mstaafu

Mama pendekezo langu, ukienda tena, usibebe gunzi moja. Beba mawili. La 2022 na moja la 2023 lililoliwa na viwavi. Weka hili mkono huu, hili mkono huu. Hili nililipwa, hili sikulipwa, yote mawili yalitoka kwa shamba moja na yote mawili nililia. Alafu uwaulize wao tofauti ni nini kabla hujasema. Wanafunzi wangu hawakuwahi kusahau kitu walichokisema wenyewe.

mamashamba_rongai

La 2023 sina mwalimu, hayo yote yalienda kwa ng'ombe. Lakini viwavi havijahama, nitapata la msimu huu 😅

Alhamisi niko na chama cha akina mama karibu watu 25. Nimeamua hivi. Nitaanza na gunzi kama kawaida. Alafu nitafunga kamba mita 8 kwa 5 hapo hapo kwa uwanja wa kanisa, wasimame ndani, niwaulize mwaka mzuri hapa ndani mngetoa gorogoro ngapi. Nitamwaga tano na kitu, alafu nitarudisha hadi zibaki karibu mbili, niwaambie hapa ndipo 2022 ilikuwa. Alafu yule baba wa huko juu aliyelipwa na gunia 9, nimemwomba aje. Amekataa kwanza, akasema mlinitukana, nimempelekea kuku.

Na ile ya kulipia Novemba nitaitaja lakini sitaahidi, mweka hazina wetu ni mkali na ana sababu, kuna loni za mbuzi za 2021 hazijarudi hadi leo.

ngombe_mmoja_bahati

Hereni imepatikana, ilikuwa imebaki kwa sikio tukachimba. Asante mwalimu. Daktari anakuja kesho kuandika. Harufu sisemi.

omera_wa_nyando

Mpimaji, swali la mwisho na si ati nimekubali. Shamba langu mpaka wa wadi unapita katikati, nusu iko huku nusu kule, na chini kule ndiko maji hukaa. Nikiandikisha ya mavuno nahesabiwa kipande gani?

mpimaji_bungoma

Kile kilichoandikwa siku ya kujiandikisha, hata kama ajenti alikosea. Kwa hivyo siku hiyo usimwachie aandike kutoka kwa kitambulisho chako, kitambulisho kinasema ulipozaliwa. Mpeleke shambani asimame kule chini, asome eneo kwa simu yake akiwa hapo, na meseji ya kuthibitisha ikija angalia jina la kipande kabla hajapanda boda kuondoka. Kama iko na jina lingine arekebishe akiwa hapo hapo.

omera_wa_nyando

Kule chini sasa hivi ni matope hadi magotini.

mpimaji_bungoma

Basi mwambie aje na gambuti.